Dirisha la Kuelekea Kahawa

Siku ile nilipofika nyumbani niliona tofali kabla sijaona mtu. Zilikuwa bloku za saruji, zimepangwa kwa unadhifu nje ya chumba cha baba, chini kabisa ya dirisha lake, zimefunikwa nailoni. Nilijua mara moja zimekuja kufanya nini. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameamua kuliziba lile dirisha.

Nyumba yetu iko juu ya Makumira, kwenye mteremko wa mlima, ndani ya shamba alilolima babu, kisha baba. Ile ya zamani ilipochoka, kaka alijenga mpya, na sitamnyima sifa yake: aliijenga kwa mapenzi. Ila aliijenga kwa mtindo wa siku hizi, paa limefichwa nyuma ya kuta, bati halionekani wala halitokezi nje hata kidogo. Kwenye picha inapendeza sana. Mvua ya masika ikipiga kutoka bondeni, hakuna kitu cha kulikinga dirisha, linapigwa usoni.

Na dirisha la baba ndilo linalotazama bondeni. Baba alipata kiharusi, upande mmoja ukalegea, na tangu hapo hakushuka tena shambani. Tulimwekea kitanda karibu na dirisha, akawa anaiona kahawa yake ikishuka mstari kwa mstari chini ya migomba hadi kwenye korongo. Aliwasimamia wachumaji akiwa amelala. Aliita kwa sauti yake nzito kwamba mti fulani haujaiva, waurudie wiki ijayo, na walitii, maana alikuwa hakosei.

Halafu masika yakaja na ukuta ukalowa. Kwanza doa chini ya dirisha, kisha plasta ikavimba, kisha ukungu mweusi nyuma ya kitanda. Baba akaanza kukohoa. Daktari alisema chumba kile hakimfai. Kaka akamhamishia chumba cha nyuma, ambacho kidirisha chake kinatazama tangi la maji na ukuta wa jirani.

Mimi ni fundi wa madirisha. Tuna karakana ndogo mjini, Levolosi, mimi na mume wangu, tunakata alumini, tunafunga vioo, tunakwenda kufunga kwenye majengo. Dirisha la baba lilipofungwa nilikuwa nimetoka kujifungua, na kaka hakutaka kungoja, akaleta mafundi wake. Lilipoanza kuvuja hakuniuliza pia. Alinunua silikoni, ile gundi ya mpira ya kuzibia, akapaka. Likavuja zaidi, akapaka zaidi. Nilipoona fremu imezungukwa na utando mweupe kila upande nilitamani kulia na kucheka kwa pamoja.

Siku ile ya tofali nilimkuta sebuleni, nikamwamkia, nikamwambia hazibi mtu dirisha hapa. Sikuzungukazunguka. Alinisikiliza, amechoka usoni, kisha akasema:

"Wewe unatetea dirisha, mdogo wangu. Mimi natetea kifua cha baba."

Nilimwomba mpaka vuli. Masika yalikuwa yamekwisha, tulikuwa na miezi ya ukavu mbele yetu. Nitengeneze ninavyojua, na mvua ya kwanza ya maana ikilowesha ukuta, azibe, sitafungua mdomo. Akakubali. Lakini tofali hakuziondoa.

Nilikwenda kumsalimu baba. Alikuwa amelala ameupa mgongo ule upande wa tangi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka. Niliketi. Akauliza kama kahawa ya chini imeanza kubadilika rangi. Nikamwambia imeanza. Akasema wachumaji waangalie wasivunje matawi. Mtu aliyekuwa akigombana na wachumaji mita mia chini yake sasa anaomba habari za shamba lake kama mgeni. Nilitoka pale nimekasirika kiasi cha kutosha kuvunja ukuta kwa mkono.

Tulianza kwa kutafuta njia ya maji. Mume wangu alisimama nje na mpira, akamwagia kioo maji kama mvua inayopigwa na upepo. Mimi nilichuchumaa ndani na tochi. Kaka alisimama nyuma yangu, mikono kifuani.

Madirisha haya ya kuteleza yana reli chini, na reli ni kama kihori: mvua inayopita kwenye kioo hukusanyika mle. Ndiyo maana kiwandani huachwa vitundu upande wa nje, maji yatoke yenyewe. Vile vitundu vilikuwa vimezibwa. Kaka aliona matundu, akadhani ndiko maji yanakoingilia, akayajaza silikoni kwa uangalifu wote. Reli ikajaa mbele ya macho yetu, ikafurika, maji yakateremka ndani ukutani.

Nilichokonoa vile vitundu kwa msumari. Maji yakatoka nje. Kaka akasema, kwa sauti ya chini, kumbe ni hilo tu. Nikamwambia ngoja, bado.

Kwa sababu yale maji yaliyotoka yaliangukia kwenye kizingiti cha dirisha, na kizingiti chenyewe kilikuwa balaa. Kilikuwa kipande cha zege kilicholazwa bapa, kikavikwa marumaru, na nilipoweka pima maji, kiputo kilisema kimeinamia ndani. Tena kilikatwa sawasawa na ukuta, hakikutokeza nje. Maji yakawa yanakaa pale, mengine yanarudi chini ya fremu, mengine yanashuka yameng'ang'ania ukuta na kunywewa na bloku. Bloku ya saruji hunywa maji kama chapati kwenye mchuzi. Silikoni ya dunia nzima isingesaidia kitu.

Tukang'oa fremu, tukavunja kizingiti. Vumbi lilitapakaa mpaka kwenye migomba. Tulisuka mbao za kumwagia kizingiti kipya: kiinamie nje, kitokeze mbele ya ukuta upana wa vidole vitatu hivi, ncha zake ziingie ukutani pande zote mbili, na nyuma kiwe na kijiukuta kifupi cha kuzuia maji yasirudi ndani, fremu ikae mbele yake. Kisha lile jambo ambalo wengi hulidharau. Chini ya ule utokezo, kwenye sakafu ya zile mbao za kumwagia, nilipigilia kijiti chembamba kilichopakwa oili, kikafuata urefu wa kizingiti na kuishia kabla ya kugusa kuta. Zege likikauka kijiti kinatolewa, kinabaki kijifereji upande wa chini.

Kaka aliuliza kijifereji cha chini ni cha nini wakati mvua inatoka juu. Lilikuwa swali la haki. Nilimkumbusha birika letu la zamani, lile ambalo ukimimina chai, nyingine inarudi chini ya mdomo na kulowesha kitambaa cha meza. Maji yakifika ukingo wa kizingiti hufanya vilevile, hutambaa kwa chini yakirudi ukutani. Yakikuta kijifereji hayawezi kupanda na kuvuka, yanadondoka chini. Tulichonga kingine juu, chini ya lenta, ile boriti ya zege inayopita juu ya dirisha, kwa sababu hiyohiyo.

Tulifunika zege kwa magunia, na kila siku mtu wa nyumbani alilimwagia maji ili likomae bila kupasuka. Mara nyingi alikuwa kaka mwenyewe, kabla ya kwenda dukani kwake Kaloleni. Hakuniambia, niliona magunia yamelowa.

Niliporudi kufunga fremu nilipitisha vidole chini ya kizingiti, kama ninavyofanya siku zote, na vidole vikateleza. Laini. Kijifereji hakikuwepo. Kaka, kwa nia njema, alikuwa amemleta fundi plasta aziwekee kuta za nje sura nzuri, na yule fundi alipoona ule mfereji chini ya zege alidhani ni ufa, akaujaza na kuusawazisha kwa ustadi mkubwa. Kaka akanionyesha kazi ile kwa fahari.

Kaka aliuona uso wangu, akaduwaa. Sikugomba. Nilimshika mkono, nikavipitisha vidole vyake chini ya kizingiti, nikamwambia hapa ndipo dirisha la baba linapokufa. Kisha nikachukua patasi. Umeme ulikuwa umekatika na sikutaka kungoja grainda. Nilichonga siku nzima nimeinamisha shingo, chembe za saruji zikiniingia machoni, mpaka mfereji ukarudi safi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mume wangu alitaka kunipokea. Nilikataa, nikijua ni kiburi.

Tukasimamisha fremu, tukaiweka sawa kwa pima maji na timazi, tukaibana kwa kabari, tukafunga skrubu. Tulijaza nafasi iliyobaki pembeni, tukaacha ikauke, tukafuta vumbi, ndipo nikapitisha silikoni, mstari mmoja usiokatika kati ya fremu na ukuta, na kati ya fremu na kizingiti. Vitundu vya reli nilivikwepa, nikavizungushia alama ya chaki nyekundu ili hata kipofu asivizibe.

Ndani, tulikwangua plasta iliyooza, tukaacha ukuta upumue hadi ukakauka kabisa, tukapiga plasta mpya na rangi. Baba tulimwacha kwanza chumba cha nyuma, hadi mvua ya kwanza. Hayo yalikuwa makubaliano.

Vuli ilikuja mchana, na haikuja kwa adabu. Mlima ulitoweka, upepo ukapanda kutoka bondeni na mvua ikalala ubavu. Nilikuwa mjini, niliacha kazi nikapanda bodaboda, nikafika nimelowa chapachapa. Kaka alikuwa amenitangulia. Alikuwa amepiga magoti kwenye chumba kitupu, viganja vyote viwili vimebandikwa ukutani chini ya dirisha.

Nilipiga magoti kando yake, nikaweka kiganja changu. Ukuta ulikuwa mkavu. Nje, kupitia kioo, tuliona maji yakimiminika juu ya kizingiti, yakifika ukingoni, na yakidondoka moja kwa moja ardhini. Tulikaa hivyo muda mrefu, mvua ikipiga, mikono yetu ukutani. Nilikuwa nalia na sikuona haya.

Mvua ilipopungua kaka alitoka nje. Nilimsikia akivuta nailoni. Akarudi na bloku mbili, moja kila mkono, akaziweka sakafuni mahali pa kitanda, akaenda kuleta nyingine mbili.

"Kizingiti umekiinua kwa hicho kijiukuta," alisema akihema. "Kitanda kikibaki chini, baba ataona anga tu."

Tulikiweka kitanda juu ya zile bloku, mguu mmoja kila moja, kisha tukaenda kumchukua baba. Tulimbeba pamoja, tukamlaza, tukamwegemeza kwenye mito. Alitazama nje. Kahawa ilikuwa imeoshwa, nyekundu na kijani, mstari kwa mstari hadi korongoni. Aliipitia kwa macho, mstari mmoja mmoja, kuanzia juu.

"Nani alichuma mstari wa tatu?" aliuliza hatimaye. "Ameacha mbivu zote upande wa juu."