Mama Ngapi na Mstari wa Rafu

Usiku ule tulikaa sebuleni mimi na binti yangu, simu yake iko juu ya meza kati yetu kama mgonjwa tunayemuuguza. Ofisi ya bohari ya dawa ilikuwa imesema walioitwa kwenye usaili watatumiwa ujumbe kabla ya siku kuisha. Saa tano kasoro simu ikatetemeka. Binti yangu akasoma, akaruka, akanikumbatia. "Kesho saa tatu, Mama! Wameniita!"

Nikashangilia. Halafu nikaenda jikoni kunywa maji, nikanywa bilauri tatu. Yeye alidhani ni furaha. Sababu ilikuwa mstari mmoja kwenye wasifu wake wa kazi.

Nianze kwa Mama Ngapi, maana bila yeye hakuna aliyeitwa popote. Mama Ngapi ana duka la kuchapa na kutoa kopi, mlango mwembamba kati ya fundi cherehani na muuza vipuri vya baiskeli. Miwani yake ameifunga kwa uzi mweusi. Zamani alikuwa karani wa ghala la kiwanda cha sabuni, miaka kumi na minane, mpaka kiwanda kikafungwa. Jina lake la kweli nimewahi kuliona kwenye leseni ukutani, lakini hakuna anayelitumia. Ukimletea wasifu wako akuchapie, swali lake la kwanza ni "ngapi?" na la mwisho ni "ngapi?", na katikati anakuuliza unajuaje.

Tulikwenda kwake baada ya binti yangu kuomba kazi sehemu kumi na mbili bila kupata hata jibu la kukataliwa. Mama Ngapi akainua karatasi, akasoma kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesoma tanzia.

"'Nilihusika na utunzaji wa stoo. Nilikuwa na jukumu la kuhesabu dawa. Kufanya kazi nyingine kama nitakavyopangiwa.'" Akaiweka chini. "Mwanangu, hapa umeniambia ulichoagizwa. Hujaniambia ulichofanya. Hata aliyelala stoo miaka mitatu angeweza kuandika hivi, tena bila kusema uongo."

Binti yangu akacheka. Mimi sikucheka, karatasi ile nilisaidia kuiandika mimi.

"Haya. Stoo ilikuwa na dawa za aina ngapi?"

"Zaidi ya mia tatu, mama."

"Ulizihesabu mara ngapi?"

"Kila Ijumaa. Nikimaliza nampa mfamasia orodha ya zilizopungua."

Mama Ngapi akachapa: *Kila Ijumaa kwa miaka mitatu nilihesabu dawa za aina zaidi ya 300 na kumpa mfamasia orodha ya zilizopungua.* Akageuka. "Kuna kitu ulikikuta kibovu ukakiacha kizuri?"

Binti yangu akafikiri. Akasema dawa zilikuwa zinaharibika kwa kupitwa na tarehe, kwa sababu mpya ziliwekwa mbele na za zamani zikasahauliwa nyuma. Mfamasia akatoa wazo zipangwe kwa tarehe ya kuisha, naye binti yangu akazipanga rafu zote upya, wapakuzi wawili wakibeba.

"Mlikuwa mnatupa maboksi mangapi?"

"Kama sita kwa mwezi. Baadaye mawili, wakati mwingine matatu."

"Unajuaje?"

"Kulikuwa na daftari la dawa zilizopitwa na muda. Nililijaza mwenyewe."

"Kwa muda gani ilibaki hivyo?"

"Miezi minane, mpaka nilipoondoka."

Hapo nikaona nami nichangie. "Andika mawili tu, inapendeza."

"Na la tatu nilipeleke wapi, bibie, kwako?"

"Basi andika ameokoa mamilioni."

"Alizipiga hesabu nani hizo? Wewe?" Akarudi kwenye mashine yake, bila hata kunikasirikia. "Kuna bwana mmoja alinibembeleza nimwandike mtaalamu wa kompyuta. Nikakataa, akaenda kwa mwingine. Siku ya usaili wakamkalisha mbele ya kompyuta, akawaomba wenyewe waiwashe. Akaja hapa kunilaumu mimi, eti ningemkatalia kwa nguvu zaidi."

Mstari ukatoka hivi: *Kwa wazo la mfamasia na msaada wa wapakuzi wawili, nilipanga upya rafu zote kwa tarehe ya kuisha kwa dawa. Maboksi yaliyotupwa yalipungua kutoka takribani sita kwa mwezi hadi mawili au matatu, katika miezi minane iliyofuata.* Ile "kufanya kazi nyingine" akaifuta kabisa. "Hii haisemi kitu," alisema, "na wewe una vitu vya kusema."

Ulikuwa mstari mzuri. Lakini mimi ni mama, na mama akiona mtoto wake amesimama nyuma ya mfamasia na wapakuzi, anataka kumsogeza mbele. Bahasha ya maombi ya kazi ya bohari nilikabidhiwa mimi niipeleke. Karibu na ile ofisi kuna kibanda ambako mchapaji haulizi kitu, anachapa tu. Nikamwambia auchape wasifu upya, abadilishe mwanzo wa mstari: *Niliongoza timu ya watu wanne kupanga upya rafu zote.* Wanne, pamoja na mfamasia! Nimemfanya mwanangu bosi wa bosi wake. Nikautia ndani ya bahasha, nikarudi nyumbani naimba.

Ndiyo maana nilikunywa maji.

Asubuhi saa moja nilikuwa mlangoni kwa Mama Ngapi, naye bado anafungua kufuli. Nikamweleza yote. Alinisikiliza, kisha akavaa miwani ili anitazame vizuri.

"Umebadilisha maneno mangapi?"

"Mwanzo wa mstari tu."

"Mwanzo tu! Mwenye nyumba akikubadilishia mlango tu utaingilia wapi?" Akawasha mashine. Akatoa nakala tatu za ule wasifu wa kweli. "Mwambie mwenyewe, sasa hivi. Kabla hawajamuuliza aliongozaje."

Nilimwambia binti yangu tukiwa njiani.

"Mama, mfamasia ndiye mdhamini wangu. Wakimpigia simu wakamwambia nilimwongoza?"

"Najua."

"Angezimia." Akaanza kucheka, kicheko cha hasira kidogo. "Leta hizo nakala. Nikiingia tu, kabla sijakaa, nawaambia iliyofika ina kosa."

"Sema ni mama yako."

"Nitasema ni kosa. Wakiuliza la nani, nitasema la nyumbani."

Kwenye korido kulikuwa na benchi na mlango wa kijivu. Aliniachia pochi na simu yake, akaingia saa tatu na dakika nne. Waliomtangulia walikaa dakika kumi kila mmoja. Yeye zikapita kumi, kumi na tano. Nilisikia sauti ya mwanamume ikiuliza jambo, na ya kwake ikijibu, bila haraka. Nikashika maneno mawili tu: "Daftari lipo." Kisha kimya. Mimi na ukimya hatupatani. Nikahesabu vigae vya sakafu mpaka vikaisha, nikaanza upya.

Dakika ishirini na mbili. Mlango ukafunguliwa nusu, akachungulia binti yangu mwenyewe, jasho limemtoka usoni lakini macho yanacheka.

"Mama, simu yangu. Wanataka namba ya mfamasia, wampigie sasa hivi, mbele yangu."

Nikasimama, pochi ikaanguka, vitu vikamwagika. Nikampa simu. Nyuma yake nikawaona watu watatu mezani, zile nakala za Mama Ngapi mbele yao, wamegeuka kunitazama, na mmoja akasema, "Mlango acha wazi tu, joto limezidi humu."