Barua ya Kijana wa Jiolojia

Stationery yangu iko karibu na stendi ya Kahama, na barua za kuomba mafunzo kwa vitendo migodini naziandika kila mara. Ile ya kijana wa jiolojia ndiyo iliyonitia kinyaa.

Alikuja na baba yake. Mzee alibaki nje kulinda baiskeli. Nikamwamkia shikamoo kupitia dirishani. Kijana akanirushia kwenye WhatsApp meseji alizotaka zigeuzwe barua: shikamoo bosi, familia haijambo, mimi ni mpole, napenda mpira, nimemaliza chuo, hata kufagia nitafagia, baba alishafariki, nisaidieni jamani.

Nikafuta karibu zote. Nikamuuliza alichosomea, nikaweka nafasi anayoomba, shahada yake, safari ya chuo alikochora ramani ya miamba na kukusanya sampuli, na lini anaweza kuanza. Nusu ukurasa.

Akaisoma kwenye kompyuta, akanuna. "Mbona umemtoa baba?"

"Baba si yuko hapo nje?"

"Najua. Lakini hiyo ndiyo inawagusa. Wenzangu wote wanaandika hivyo."

Hata sauti hakushusha. Nikaichapa kama nilivyoiandika, nikamwambia akitaka kumzika baba yake akatafute stationery nyingine.

Mzee akaingia kulipa, kofia ameivua. Akaipokea karatasi kwa mikono miwili, akauliza kama na yeye ametajwa humo.

Nikamjibu kwamba barua za kazi hazitaji wazazi.