Diski ya Amana

Sharia imempa mwanamke aliyefiwa na mume miezi minne na siku kumi. Faraj, aliyefiwa na mke, aliambiwa siku tatu. Siku ya nne alifungua studio yake kule Kibokoni, akawasha kompyuta mbili kwa mazoea, kisha akaizima moja.

Hiyo moja ilikuwa ya Shukri, Mungu amrehemu. Kwa miaka kumi na tatu walifanya kazi ya video za harusi bega kwa bega. Faraj alipiga picha nikaha msikitini, upande wa wanaume. Shukri aliingia ukumbini kwa wanawake, pale bi harusi anapopambwa na mabuibui yanapovuliwa. Alichokipiga aliketi akakihariri mwenyewe, kioo cha kompyuta kikitazama ukuta. Wenye harusi walimwamini kwa sababu hiyo, na Faraj hakuwahi kuzunguka upande ule wa meza.

Ila kwa jambo moja walizozana miaka yote. Harusi ikishakabidhiwa, Shukri hakuiacha mpaka aikusanye. Picha zote, sauti zote, muziki, herufi za majina ya maharusi, mipangilio ya rangi, na mradi wenyewe, vyote aliviweka katika folda moja, akavinakili kwenye diski mbili: moja ya kabatini, moja ya kwa mamake Majengo. Kisha akaandika kadi: tarehe, programu na toleo lake, idadi ya faili. Programu humwuliza mtu: je, iviache nje vipande visivyotumika kwenye video? Faraj kila mara aliweka tiki, maana diski ni ghali. Shukri hakuweka hata siku moja.

"Mke wangu, wahifadhi mpaka takataka," Faraj alimwambia.

"Takataka ya nani? Wewe wajua mwenye harusi atakuja kutaka nini?"

"Miaka kumi na tatu hajaja mtu."

"Basi atakuja wewe ukiwa peke yako, upate kazi ya kumjibu."

Ulikuwa mzaha. Faraj aliukumbuka miezi kumi na mmoja baada ya mazishi, siku Zoya alipoingia.

Zoya alitoka Kizingo. Gari aliliacha mbali, vichochoro haviliruhusu, akafika akihema, mtandio umemteleza. Salamu zake zilikuwa ndefu, za mtu anayeogopa kufika kwenye haja yake.

"Bhai Faraj, harusi yangu mlipiga nyinyi. Mwaka wa tisa huu."

"Naikumbuka. Ukumbi wa Tononoka."

"Mama amefariki mwezi uliopita."

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Bi Khursheed?"

Zoya akaitikia kwa kichwa. Akaeleza. Usiku ule mamake alimshika kichwa akamwombea dua kwa Kikachi, lugha ya wazee wao, ndefu, kama alivyoombewa yeye na mamake. Katikati sinia la glasi likaanguka jikoni, kelele tupu, mama akacheka, akaanza upya. Katika video iliyokamilika zimebaki sekunde kumi, tena muziki umefunika. "Namwona midomo yacheza. Simsikii. Na maneno yale siyajui, bhai. Binti yangu atakapoolewa nitamwombea kwa yapi?"

Faraj alitazama kabati. Diski ilikuwa rafu ya juu, imeandikwa kwa mkono wa Shukri: WANAWAKE. AMANA. Tangu afe hakuigusa. Mwanzo alisema ni heshima. Baadaye alijua ni woga: ndani ya picha zile, nyuma ya kamera, mlikuwa na sauti yake. Katika simu ya Faraj haikubaki hata moja. Shukri hakupenda kutuma sauti, aliandika.

"Siwezi kuifungua," alisema.

"Mimi bi harusi mwenyewe nimekuruhusu."

"Wewe umeruhusu uso wako. Na wale wengine mia mbili, nani ataniruhusu?"

Zoya akaurudisha mtandio kichwani. Jambo hilo alilijua, alilelewa nalo.

"Lakini ngoja," Faraj akasema, akachukua simu.

Kadzo alikuwa msaidizi wa Shukri miaka minne kabla ya kuolewa. Siku hizi ahariri video za matangazo katika ofisi moja mjini. Alikuja baada ya Adhuhuri, akasimama mlangoni akiitazama kompyuta iliyozimwa.

"Shemeji, hata vumbi hujafuta?"

"Nafuta mezani. Pale sifiki."

Kadzo alivuta kiti cha Shukri, kifupi kama kilivyoachwa, akaketi. Zoya akaketi ubavuni kwake. Faraj akatoka, akaurudisha mlango, akakaa barazani nje na tasbihi yake. Hakuomba lolote kubwa. Aliomba diski izunguke tu. Diski iliyolala mwaka mzima huweza isiamke.

Ikaamka.

"Shemeji!" Kadzo aliita kutoka ndani. "Picha zote nyekundu! Yasema faili hazipatikani!"

Faraj akainuka nusu. Kisha akakumbuka. "Kompyuta imeipa diski herufi nyengine ya jina, imepotewa na njia! Ionyeshe faili moja tu ilipo!"

Kipanya kikalia mara mbili. "Nimeionyesha moja, zengine zimejifuata zenyewe."

Bila shaka zingejifuata. Zilikuwa folda moja, kwa mpango uleule. Miradi yake yeye, aliyoiacha picha huku na muziki kule, ingemchukua Kadzo wiki na nusu isipatikane.

"Programu mpya yataka kuugeuza mradi uwe wa toleo lake."

"Ugeuze kwa jina jipya! Wa zamani usiuguse!"

"Hilo Dada Shukri alinifunza kabla yako," Kadzo akajibu. "Kadi yasema faili elfu moja mia mbili na kumi na nne. Nimehesabu, ni hizohizo."

Wakazima njia ya muziki. Dua ikasikika, sekunde kumi, halafu ikakatika palepale ilipokatwa miaka tisa nyuma. Faraj alimsikia Zoya akisema, "Ndiyo hiyo tu?" kwa sauti iliyokwisha nguvu.

"Kuna folda hapa," Kadzo akasema polepole. "Visivyotumika."

Faraj aliishika tasbihi, isizunguke. Angekuwa yeye aliyeukusanya mradi ule, folda hiyo isingekuwepo. Tiki moja tu.

Kisha kupitia mlango akaisikia glasi ikivunjika, na mama mtu mzima akicheka, na maneno ya Kikachi yakaanza upya, marefu, bila haraka, mpaka amina. Zoya alilia kwa sauti. Faraj akainama, akamwombea Bi Khursheed, na pamoja naye mwengine.

Alasiri ilipoadhiniwa Zoya alikwisha ondoka na dua yake kamili. Kadzo alitoka, akampa Faraj kijidiski.

"Sauti peke yake. Hamna picha wala sauti ya mtu mwengine, nimekata. Ni pale sinia lilipoanguka, mama akaomba radhi."

Faraj aliswali kwanza. Aliporudi alifunga mlango, akavaa vipokea sauti.

"Usijali, mama," Shukri alisema, karibu sana na sikio. "Anza tena. Na hii nayo nitaiweka."

Sekunde sita. Alizisikiliza mara tatu, akajizuia ya nne.

Kisha akafungua mradi mpya, akaitia sauti ile ndani, akainakili kwenye diski mbili. Programu ikauliza: iviache nje visivyotumika? Akakiacha kitupu kile kisanduku. Akachukua kadi, akaandika tarehe, programu na toleo lake. Mahali pa idadi ya faili akaandika: moja.

Diski ya pili akaitia mfukoni, ampelekee mama mkwe Majengo kabla ya Magharibi.