Matobolwa ndani ya boza

Mageni alikuwa na miaka arobaini na sita, watoto wanne, na kazi ya kuendesha boza la kumwagia maji barabara ya vumbi upande wa Bugarama. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa ya Hemal, mtu wa Kahama aliyekodishia migodi magari. Shule aliishia darasa la saba. Barabara ya mgodini aliijua shimo kwa shimo, na kwa miaka tisa hakuwahi kukwaruza hata bampa. Kilichomtia hofu ni fomu. Fomu zote za usalama ziliandikwa kwa Kiingereza na zilijazwa kwa Kiingereza, na dereva aliyeshindwa alionekana hafai.

Ndiyo maana Jumamosi alasiri alihudhuria masomo ya watu wazima ya Mwalimu Salome, kwenye ukumbi wa kanisa. Alikaa nyuma, karibu na mlango. Hakunyoosha mkono hata siku moja. Alichosikia alikiandika, akaenda kukirudia kichwani akiwa kwenye usukani.

Jumamosi moja mwalimu aliandika ubaoni neno "when". Alisema mahali lilipo neno hilo mara nyingi pana jambo lililokuwa linaendelea, na jambo la namna hiyo hutaka "was" mbele na "ing" nyuma. Mageni aliandika: *When = was + ing*. Akaipigia mstari mara mbili. Akatazama saa, akaona zamu inakaribia, akatoka polepole kwa kunyata. Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza anageukia nusu ya pili ya ubao.

Wiki moja baadaye, saa nne asubuhi, ng'ombe mwenye pembe moja alitoka vichakani akaingia barabarani. Mageni alikanyaga breki. Boza likateleza kwenye tope la maji aliyoyamwaga mwenyewe, likagonga kibao cha kikomo cha mwendo, kioo cha pembeni kikapasuka. Ng'ombe akamtazama, akavuka, akaendelea na shughuli zake. Mageni alizima injini, akashuka, akampigia simu msimamizi wake, George.

Jioni alijaza fomu. Sehemu ya maelezo ilikuwa na mistari minane, naye alikuwa na "when" moja na kanuni moja. Aliitumia kwa moyo wote: *When a cow was entering the road I was braking and I was hitting the signboard and the mirror was breaking and I was calling my supervisor.*

Alipomaliza aliisoma mara tatu, akaridhika. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuandika. Hata mkewe Aneth, asiyejua Kiingereza, alisema inaonekana ya mtu aliyesoma.

Siku mbili baadaye aliitwa ofisini. Ofisa usalama, Euphrasia, alikuwa binti wa miaka kama thelathini. Alimwamkia shikamoo kwanza, kisha akamwambia kibali chake cha kuendesha kinaweza kufutwa. Hemal alikuwa amekaa pembeni ameshika nakala ya fomu.

Mageni alidhani ni kwa sababu ya kioo. Euphrasia alisema kioo si kitu. Tatizo ni simu. Kuzungumza na simu gari likitembea ni kosa lisilosamehewa pale kazini, hata kwa mtu wa miaka tisa, na yeye ameandika kwa mkono wake kwamba ng'ombe alipoingia barabarani alikuwa anampigia George.

"Lakini nilimpigia baada ya kusimama," Mageni alisema.

"Si ulivyoandika, Baba Mariana," Euphrasia alisema. "Umeandika *I was calling*. Maana yake ng'ombe anaingia, simu iko sikioni."

Walikuwa wameangalia kumbukumbu. Kifaa cha gari kilionyesha boza lilisimama saa nne na dakika kumi. Simu ya George ilionyesha kuwa alipigiwa saa nne na dakika kumi. Dakika ni hiyo hiyo, na ndani ya dakika mtu anaweza kupiga simu kisha akagonga, au kugonga kisha akapiga. Kilichobaki ni maelezo.

Hemal aliinua nakala yake. "Mimi nimesoma mara mbili kutafuta hiyo ajali inatokea wapi," alisema kwa upole. "Hapa kila kitu kinaendelea. Unagonga, kioo kinapasuka, unapiga simu, vyote pamoja. Kwa karatasi hii, Mageni, mpaka leo bado hujafika kwenye kibao."

Mageni alitazama viatu vyake. Alisema taratibu kwamba mwalimu aliwaambia palipo na "when" waweke "was" na "ing".

"Kotekote?" Euphrasia aliuliza.

"Niliondoka kabla hajamaliza."

Euphrasia alimwomba asimulie kwa Kiswahili. Mageni akasema: alikuwa anaendesha, ng'ombe akaingia, akafunga breki, akagonga, akazima injini, akapiga simu. Alisema bila kusita hata kidogo.

"Sasa niambie, ng'ombe alipoingia, kipi kilikuwa kimeshaanza na kinaendelea?"

"Kuendesha."

"Na breki?"

"Breki ni baada ya kumwona. Ningefungaje breki ng'ombe hajaja?"

"Basi hicho kilichokuwa kinaendelea ndicho kinachopata *was* na *ing*. Ng'ombe kakikatiza, yeye ni *entered* tu. Na yaliyofuata, moja baada ya jingine, nayo hayana *ing*. Andika upya hapa hapa, kwa mkono wako, nami sitakusaidia tena."

Mageni alipewa fomu safi. Aliandika *I was driving the water truck*, akasimama. Kalamu ikabaki hewani muda mrefu, mpaka Hemal akatazama saa ya ukutani. Kisha akainama, akaandika mpaka mwisho, akaisukuma fomu mezani kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

Euphrasia alisoma kwa sauti: "*I was driving the water truck and I was eating matobolwa when a cow entered the road. I braked. The truck hit the signboard. The mirror breaked. I stopped the engine. Then I called my supervisor.*"

"Matobolwa," alisema Hemal.

Ni viazi vitamu vya kuchemsha na kuanika. Aneth humfungia kwenye mfuko kila asubuhi, na havina budi kutafunwa kwa bidii.

"Mara ya kwanza hukuviandika," Euphrasia alisema.

"Mara ya kwanza sikujua pa kuviweka. Sasa umeniuliza kilichokuwa kinaendelea, navyo vilikuwa vinaendelea."

Euphrasia alifunika mdomo kwa fomu. Alipoishusha uso ulikuwa wa kazi tena. Kula ukiendesha nako ni kosa, alisema, ila dogo: onyo la maandishi na wiki mbili bila usukani. Habari ya simu ameifuta. Na *breaked* si neno, lakini kila mtu ameelewa.

Nyumbani Aneth alikasirika. Alitaka kujua ni mtu gani anayejipeleka mwenyewe kwenye onyo, tena kwa viazi vya mkewe. Mageni alimjibu kwamba karatasi iliuliza.

Wiki mbili zile aliosha magari ya wenzake uani. Habari ilikuwa imeenea, na madereva hawakumwacha. Siku ya tatu George alipita, akasimama kando ya ndoo, akamuuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia kama hili lori ameliosha au alikuwa analiosha.

Mageni hakuinua kichwa. Alikamua tambara mpaka tone la mwisho.

"Nilikuwa naliosha," alisema, "ukaja."