Maji Yaliyorudi Nyuma

Wifi yangu na mimi hatukupendana, na sina haja ya kuficha. Alirudi kwa kaka yake, yaani bwana yangu, baada ya kupewa talaka, akaja na masanduku mawili na mdomo ulionoleka. Nikipika wali, chumvi imezidi. Nikinyamaza, nina kiburi. Ila uvivu hakuwa nao hata chembe. Wiki ya kwanza tu alikusanya nguo za makarani wa Uvira, akaanza kufua kwenye robine, bomba la uani kwetu. Pesa ya kufua ilimpa sabuni, viatu, na heshima ya kutomwomba mtu kitu.

Robine hiyo ilikuwa fahari ya bwana yangu. Majirani wengi walichota mtoni au kwenye bomba la wote, sisi tulikuwa na maji ya kwetu na konteri yake ukutani, saa ya maji yenye kioo. Kila mwezi alikuja mtu wa biro, ofisi ya maji, akachungulia, akaandika, kisha fakitire, karatasi ya kudai malipo, ikafuata. Kwa kawaida haikufika faranga mia.

Mwezi ule ikaja faranga mia mbili thelathini na mbili.

Bwana yangu aliisoma amesimama. Hakupiga kelele, na mimi namjua, asipopiga kelele ndipo uogope. Alimwita dada yake. "Dada, nguo za watu zinakunywa maji yangu. Miye naenda Usumbura kununua vitambaa, siku tatu. Nikirudi nisikute tena beseni hapa uani. Kama unataka kufua kwa biashara, utafute nyumba nyingine."

Nyumba gani? Wazazi wao walishakufa, na mwanamke aliyeachwa hapangi chumba peke yake mjini bila kusemwa. Wifi alikunja nguo za watu zikiwa bado mbichi.

Waliosema ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime hawakukosea. Ningeweza kukaa kimya nikaipata nyumba yangu bila mtu wa kuonja chumvi. Lakini nimekulia dukani kwa baba yangu, na hesabu mbaya inanikera kama mchanga ndani ya wali. Tulimwaga wapi maji yote hayo? Nikachukua fakitire nikaenda kwenye konteri.

Ilikuwa na visaa vitatu vidogo vya mishale myeusi: kimoja cha mamia, kimoja cha makumi, kimoja cha moja moja. Kipimo kimoja ni lita elfu. Fakitire ilisema tulianzia mia tatu kumi na nane, tukafika mia tatu arobaini na tisa. Nikafuta kioo kwa khanga, nikasoma. Nikasoma tena. Konteri ilionyesha mia tatu arobaini na tatu.

Siku sita zilikuwa zimepita tangu yule mtu asome, tumepika, tumeoga, tumefua, na namba leo ni ndogo kuliko ya siku ile.

"Wifi," nikaita. "Njoo uone. Maji iko inarudi nyuma."

Alikuja kwa kusitasita, akadhani namtania. Nikamwonyesha. Akafungua robine, akajaza beseni, tukautazama mshale mwekundu wa lita ukizunguka mbele, mbele tu. "Haurudi," akasema kwa sauti ya chini, kama tuko msikitini. "Basi aliyesoma ndiye aliyekosea."

Tukachuchumaa pale muda mrefu. Yeye ndiye aliyeona kwamba mshale wa makumi haurukiruki, unatambaa pamoja na wenzake. Mshale wa moja moja ukiwa kwenye tisa, ule wa makumi unakuwa umekaribia sana nne, lakini nne yenyewe haujaifikia mpaka mwenzake amalize mzunguko. Mwenye haraka anaandika nne. Ukweli ni tatu. Kwa hiyo siku ile konteri ilikuwa kwenye mia tatu thelathini na tisa. Ongeza vinne vya siku sita, ndiyo arobaini na tatu ya leo. Ilikaa sawasawa kabisa.

Wifi aliuliza vipimo kumi ni beseni ngapi. Beseni yake ilikuwa ya lita ishirini. Nikamwambia mia tano. Akacheka, mara ya kwanza tangu aje. "Mia tano zaidi? Ningekuwa nimefua Uvira nzima na milima yake."

Kesho yake tulikwenda biro wote wawili. Karani alikuwa kijana mpole, alitupa kiti. Alisikiliza, akatikisa kichwa kukubali. "Mama, inatokea. Lakini musijali. Mwezi ujao tutasoma namba ya kweli, mutalipa kidogo, itajirekebisha yenyewe."

Nilitaka kukubali, maana ilisikika vizuri. Lakini bei za maji zilikuwa nyuma ya fakitire, na zilikuwa za ngazi: vipimo kumi vya kwanza faranga nne kila kimoja, kumi vinavyofuata faranga sita, na vyote vinavyozidi ishirini faranga kumi na mbili. Nikamwomba kalamu.

Vipimo thelathini na kimoja: arobaini, na sitini, na kumi na kimoja vya juu ni mia thelathini na mbili. Jumla mia mbili thelathini na mbili, kama alivyoandika. Vipimo ishirini na kimoja vya kweli: arobaini, sitini, kumi na mbili. Mia moja kumi na mbili. Kosa lilikuwa faranga mia moja ishirini.

"Sasa mwezi ujao," nikasema. "Tutumie tena ishirini na kimoja. Mutatuandikia kumi na kimoja, maana kumi mumeshaviandika. Arobaini na sita, badala ya mia moja kumi na mbili. Mutakuwa mumeturudishia sitini na sita. Hamsini na nne iko wapi?"

Karani alichukua kalamu akafanya mwenyewe, kutoka chini kwenda juu. Naye akapata hamsini na nne. "Mumechukua maji kwenye ngazi ya juu, munarudisha kwenye ngazi ya chini," nikamwambia. Maji yaleyale, konteri ileile, na pesa haikutani. Nilikuwa nimeijumlisha mwenyewe na bado ilinitia hofu, hofu nzuri.

"Wote niliowaambia hivyo," karani akasema, "nitawaita." Akaja nyumbani kwa baiskeli, akachungulia kioo, akatuandikia fakitire mpya: mia moja kumi na mbili.

Bwana yangu alirudi mchana wa siku ya tatu. Alikuta beseni nne uani na dada yake amevimba mikono kwa sabuni. Uso ukamwiva. Nikampa fakitire mbili kabla hajasema. Alisoma, akaenda kwenye konteri, akapiga magoti na nguo zake za safari, akatazama mpaka nikadhani amelala.

Halafu akaingia ndani. Tukasikia sanduku likifunguliwa. Alitoka amebeba kanzu yake yenye vumbi la Usumbura, akasimama mbele ya dada yake.

"Kanzu moja, unafua kwa ngapi?"

Wifi hakuinua kichwa. "Faranga tatu. Mbili ni kwa makarani."

Bwana yangu, ambaye sokoni hakuna aliyewahi kumuuzia kitu bila kubishana, alihesabu faranga tatu akaziweka kwenye kiganja kilicholowa cha dada yake.