Herufi E ya Siku ya Tatu

Ambroise aliiandika fiche, yaani mpango wa masomo, ya siku tano kwa majuma mawili, akiwa amekaa nyuma ya mashine yake ya fotokopi pale mtaa wa Panda, mkabala na lango la shule. Alikuwa na miaka arobaini na sita na haya nyingi. Mteja akimtazama sana, alijifanya anatafuta karatasi. Shule aliiachia darasa la sita la msingi. Kutengeneza kurasa za intaneti alijifunza kwa kufungua kurasa za watu na kusoma kilichoandikwa ndani, kama fundi anayefumua redio.

Mama Germaine, préfète, mkuu wa shule, ndiye aliyemwita. Alitaka watoto wa humanités, wale wa sekondari, wafundishwe baada ya masomo kutengeneza ukurasa mdogo wa duka. Siku tano zikienda vizuri, kilabu hicho cha kompyuta kitakuwa chake mwaka mzima. Hakuna mtu aliyewahi kumwita mwalimu. Binti yake Jenny, mwenye miaka kumi na tano, naye aliandikishwa.

Fiche ilisema hivi: siku ya kwanza, mifupa ya ukurasa, kichwa na aya. Ya pili, orodha ya bidhaa na picha zake. Ya tatu, faili ya mitindo, na vitu kupewa majina ili mitindo ivitambue. Ya nne, rangi na nafasi. Ya tano, wazazi waje kuona.

Ilibaki saini ya prof Georges, mwalimu wa shule hiyo, mwenye licence yake ya chuo kikuu. Aliisoma kwa kalamu nyekundu. Kila palipoandikwa class="prix", jina la bei, akaongeza e kwenye class.

"Papa Ambroise, classe inaandikwaka na e. Ata mutoto ya première primaire anajua."

"Prof, mule ndani… mashine inataka bila e."

"Weye ulisomaka wapi?"

Ambroise akatazama viatu vyake.

"Recopie," akasema Georges. "Propre, kwa mukono yako. Miye sitie signature kwa fiche ya mafaute, makosa kila fasi."

Angeweza kwenda kwa mama Germaine. Alitembea hadi mlangoni pake, akasikia sauti za watu ndani, akarudi. Jioni ile alinakili yote kwa mwandiko wake mzuri, na kila e aliiandika kwa uangalifu, kama mtu anayechimba shimo kwa vipimo. Akaitoa nakala kumi na mbili. Asubuhi Georges alitia saini ile safi, akabaki nayo pamoja na ile yenye kalamu nyekundu.

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri mno. Jenny alitengeneza duka la shangazi yake Fortunée: unga, samaki wa chumvi wa makayabu, sabuni. Siku ya tatu mama Germaine alikuja mwenyewe kuangalia, akakaa nyuma pamoja na Georges. Watoto waliandika kama karatasi ilivyosema. Faili ya mitindo ilisema kila chenye jina prix kiwe chekundu. Wakafungua kurasa. Bei zote zilibaki nyeusi. Kosa la namna hiyo mashine haililalamikii; inalipita tu, kimya.

"Papa Ambroise, ya kwangu haibadilike," akasema Kalenga. "Ata ya Michelle."

"Ya bote," akasema Michelle.

Ambroise alijua. Ilikuwa herufi moja. Alimtazama Georges.

Georges akainuka taratibu, akashika karatasi moja. "Classe na e? Mama préfète, hii ni anglais, ni Kingereza, haina e. Nani aliandika hii?"

"Ni mwandiko wangu," akasema Ambroise.

"Ndiyo vile. Muntu ya primaire unamupa batoto ya humanités."

Watoto wakacheka. Kalenga akanong'ona, "Papa E," na jina likazunguka meza zote kabla mama Germaine hajafunga daftari lake. Hakumkemea mtu. Alisema tu kwamba prof Georges atamalizia siku mbili zilizobaki.

Siku ya nne, baada ya kilabu, Jenny aliingia pale fotokopi akaweka karatasi juu ya mashine. Ilikuwa fiche ile ile, imechapwa upya, bila e, na juu yake jina la Georges.

"Prof anasema makopi makumi mbili. Ya bazazi, ya kesho."

Ambroise akainua kifuniko, akalaza karatasi.

"Papa," akasema Jenny, "weye ulinifundishaka bila e, wakati niko na miaka kumi. Kwetu kwa nyumba. Ulijua."

Mwanga wa mashine ukapita chini ya karatasi, ukarudi.

"Juu ya nini haukusema?"

Ambroise akahesabu nakala ishirini, akazigonga kwenye meza zikalingana, akamnyooshea. Jenny akazichukua.

"Kesho usikuye," akasema. "Nitaambia bantu uko na kazi."

"Ndiyo," akasema Ambroise. "Niko na kazi."