Tangazo la Kijitabu cha Mjomba Kelepi

Mjomba Kelepi alifariki Ijumaa, na Jumamosi asubuhi Lesieli akaliona tangazo. Lilikuwa kwenye ukurasa wa mtandaoni ambako watu wa Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, huuziana nguruwe, magari na vitanda:

"Anatafutwa mbunifu wa michoro. Kazi: kijitabu cha ibada ya mazishi, kurasa kumi na mbili, saizi ya A5, jalada la rangi, picha kumi za kusafishwa, maneno ya nyimbo tutaleta sisi. Marekebisho mara mbili. Malipo: pa'anga mia tatu. Faili iliyo tayari kwa mashine ifike duka la uchapaji Jumatano saa sita mchana. Tuma mifano mitatu ya kazi zako. Ndugu wa marehemu wasiombe."

Chini yake jina la Toakase, binti wa marehemu.

Lesieli alilisoma tena, akafika kwenye ule mstari wa mwisho na moyo ukamchoma. Mbunifu katika ukoo ule ni nani kama si yeye? Kompyuta yake ya kwanza alinunuliwa na nani, kama si Mjomba Kelepi, aliyeuza nguruwe wawili walionona na bado akaenda kazini Jumatatu akipiga mluzi? Leo mtu huyo amelala hospitali akisubiri kuletwa nyumbani, na kijitabu chake kinatangaziwa wapita njia.

Akaenda jikoni. Mama yake, Vika, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa anapiga pasi gauni jeusi, macho yamevimba.

"Mama, umeliona tangazo la Toakase?"

"Nimeliona. Amefanya vizuri."

"Vizuri! Anatafuta mtu barabarani kama anayetafuta fundi wa choo!"

Vika akaisimamisha pasi. "Ulitaka akuombe wewe? Mtoto wa kaka yangu amtume mwanangu kazi kwenye msiba wa baba yake? Haya, basi. Vua heshima yako, jifunge mkeka mkubwa uliochanika wa watu wa chini, nenda nyuma ya nyumba ukachochee tanuri na hao wanaochuna nguruwe."

"Mama, kompyuta si tanuri."

"Kazi ni kazi. Siku ya maziko wewe unakaa kichwani pa mjomba wako. Mikeka mizuri inaletwa kwako, vitambaa vinaletwa kwako. Kwetu mtoto wa dada ndiye mkubwa: hapiki kwa mjomba, hafagii, hachapi. Hukulijua hilo mpaka leo?"

Alilijua tangu utotoni. Ila kulijua jambo na kulimeza ni safari mbili.

Jioni Toakase akamshukuru hadharani mtu aliyepata kazi: Pisila. Hapo ndipo Lesieli alipoona giza. Pisila! Msichana wa kwaya aliyekuja kwake hajui hata namna ya kupanga maandishi kwenye safu mbili. Aliyefundishwa na Lesieli kila kitu kwenye meza ya kulia chakula, huku akila mihogo ya mama yake. Mwaka mmoja tu, na tayari watu walikuwa wanasema mkono wake mwepesi. Sasa mkono huo mwepesi ndio utakaomshika Mjomba Kelepi kwa mara ya mwisho.

Usiku huo alisali, lakini sala zenyewe zilikuwa na meno. Alimwomba Mungu ampe amani, na katikati ya maombi akajikuta anawaza Pisila atachagua rangi gani.

Jumatatu Toakase akaandika kwenye kundi la familia: "Wapendwa, mwenye picha nzuri kubwa ya baba ya kuweka kwenye jalada aitume. Hii niliyo nayo ni ya simu."

Lesieli alikuwa nayo. Aliipiga mwenyewe kwa kamera yake, siku bendi ya kanisa aliyoipigia mjomba ilipopata tarumbeta mpya. Mjomba amelishika lake kifuani kama mtoto mchanga, anacheka, na kidoti chake juu ya mdomo kinaonekana wazi. Aliufungua ujumbe, akaufunga. Ndugu wasiombe, si ndivyo walivyosema? Basi ndugu wasitoe pia. Akaenda zake kuosha vyombo, akavunja kikombe.

Kila siku mchana Lesieli alifanya kazi kwenye duka lilelile la uchapaji. Kazi ya ubunifu aliifanya jioni, kwa wateja wake. Dukani kila faili ilipita mikononi mwake kabla ya kufika kwenye mashine. Jumatano, kabla ya saa sita, faili ya Pisila ikaingia.

Aliifungua akiwa na njaa ya makosa. Kurasa kumi na mbili, zinagawanyika kwa nne, zitakunjwa sawasawa. Rangi zimewekwa za uchapaji. Kila upande umeachwa milimita tatu za kukatwa, kama alivyomfundisha. Nyimbo zimepangwa kwa nafasi, bibi asiye na miwani angeweza kuimba. Kazi ilikuwa nzuri. Ilimuuma kwamba ilikuwa nzuri.

Halafu akaikuza picha ya jalada. Ilikuwa ile ya simu, iliyotumwa kutoka mtu hadi mtu mpaka ikachakaa, kisha ikavutwa kujaza ukurasa. Kwenye karatasi uso wa mjomba ungetoka vipandevipande, kama ukuta wa vigae.

Mwenye duka, mzee Sitiveni, akachungulia. "Iko tayari?"

Neno moja lingetosha. Angesema ndiyo, mashine ingezunguka, na Jumamosi kanisa zima lingeshika aibu ya Pisila mkononi. Nani angemlaumu mfiwa?

Lakini kioo cha kompyuta kilikuwa kimejaa uso wa mjomba, na yule anayevunjwavunjwa hakuwa Pisila.

"Bado," akasema. "Jalada lina kasoro. Nipe muda."

Akapiga simu.

"Mwalimu?" Pisila akaitika. "Nimekosea nini tena?"

"Picha ya jalada. Umeichukua kwenye stempu?"

"Ndiyo niliyopewa, dada yangu. Nimeomba kubwa mpaka nimechoka. Hata Toakase amelia."

Lesieli akaitafuta ile picha ya tarumbeta. Kisha akasema, "Ninayo. Naituma sasa. Uiweke wewe kwa mkono wako. Mimi sigusi."

"Ulikuwa nayo siku zote?"

"Nilikuwa nayo."

Faili ikarudi kabla mzee Sitiveni hajamaliza chai yake, na Lesieli akaipitisha.

Jumamosi alikaa mahali pake, kichwani pa mjomba, amefungwa kiunoni mkeka mdogo laini wa watu wa juu. Toakase aliingia ameinama, mkeka wake mkubwa umechanika na unakokota sakafuni kama ilivyompasa mtoto wa marehemu. Akamkabidhi kijitabu cha kwanza kwa mikono miwili.

"Da Lesi, mtazame baba."

Tarumbeta liling'aa, kila kitufe chake. Kidoti kilikuwa mahali pake. Mjomba Kelepi alikuwa anacheka hasa.

Nyuma yake shangazi mmoja akanong'ona, "Jamani, huyu Pisila ana kipaji! Utadhani alikaa na Kelepi miaka yote."

Wivu ukanyanyua kichwa tena, mzima wa afya, kana kwamba haukusaliwa hata siku moja. Lesieli akakifungua kijitabu, akatafuta kosa kwa mazoea, hakuliona. Akaweka kiganja juu ya jeneza.

"Amefanya vizuri," akasema kwa sauti, ili na Pisila aliyesimama mlangoni asikie. Neno lilimtoka kama mwiba wa samaki uliokwama kooni: kwa maumivu, ila lilitoka. Kisha bendi ikaanza wimbo, nafasi moja ikiwa tupu kwenye mstari wa tarumbeta.